Sura ya Saba: Kurudi Nyuma Kutoka Kijani Hadi Mbegu

Ukisafiri kutoka Tunduma kuelekea Vwawa katikati ya Januari, utaona mashamba mawili yaliyopakana yana mahindi ya vimo viwili. Upande mmoja yanamfika mtu kiunoni, upande wa pili hayajapita goti. Mvua iliyoyanyeshea ni moja, udongo ni mmoja, na mara nyingi hata mbegu ni moja. Kilichoyatenganisha ni siku ya kupanda. Mmoja aliwahi, mwenziwe akachelewa wiki tatu kwa sababu ng'ombe wa kulimia walikuwa bado kwa jirani, au kwa sababu fedha ya mbegu ilikuwa haijapatikana. Mvua ikikatika mapema, wiki hizo tatu zitahesabiwa kwa magunia.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Una uwanda wa juu wa Mbozi, milima ya Ileje, na bonde la Rukwa upande wa Momba, ambako nchi hushuka hadi karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari. Mvua huja mara moja kwa mwaka, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Afisa ugani wa kata anaweza kukwambia kwamba watu wengi walipanda "mwanzoni mwa Desemba", lakini ukimuuliza kuhusu shamba hili au lile, hana daftari lenye tarehe. Hakuna mwenye nalo.

Setilaiti, hata hivyo, hupita juu ya mashamba hayo kila baada ya siku chache na kuyapiga picha. Je, tunaweza kuzisoma picha hizo tukapata siku ya kupanda ya kila shamba, na urefu wa msimu wake? Tunaweza, kwa kukosea siku kadhaa, mradi tusisahau jambo moja: setilaiti haioni mbegu ikifukiwa. Inaona kijani tu, na kijani huja baadaye. Kazi yote ninayoieleza hapa ni kurudi nyuma kutoka kijani hadi mbegu.

Kilima cha kila mwaka

Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula, na hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi, ambao jicho letu haliuoni. Udongo mtupu hauna tofauti kubwa hivyo kati ya miali hiyo miwili. Kielezo cha uoto kinachotumika zaidi, NDVI, ni hesabu fupi ya tofauti hiyo. Kwa setilaiti za Sentinel-2 huandikwa hivi:

```
NDVI = (B8 - B4) / (B8 + B4)
```

B8 ni infraredi na B4 ni mwanga mwekundu. Shamba lililolimwa na lisilo na kitu hutoa kama 0.2. Mahindi yaliyofungamana, yale ambayo ukisimama kando huoni tena ardhi katikati ya mistari, hukaribia 0.8.

Sentinel-2 ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, na kwa pamoja ziliwezesha kila mahali pa Songwe kupigwa picha kila siku tano. Lililo muhimu zaidi kwa mkulima mdogo ni ukubwa wa nukta ya picha, yaani pikseli: mita 10 kwa 10. Setilaiti za awali zilizotumika sana kufuatilia misimu zilikuwa na pikseli ya mita 250, na pikseli moja ya namna hiyo humeza zaidi ya ekari 15. Ndani yake mna mashamba ya watu kadhaa, njia na miembe ya mpakani. Ilikuwa inawezekana kusema habari za wilaya, si za shamba.

Hata kwa mita 10 kuna haja ya uangalifu. Ekari moja iliyo mraba ina upande wa kama mita 64. Pikseli za mpakani huchanganya mahindi yako na ya jirani, kwa hiyo huondolewa ukanda wa mita 10 kuzunguka mpaka wote. Hubaki mraba wa mita 44, yaani pikseli 19 hivi, na hizo ndizo hutolewa wastani. Kwa kishamba cha robo ekari hakibaki kitu cha kuaminika, na ni heri kukiacha kuliko kukipa tarehe ya jirani.

Ukizipanga thamani za NDVI za shamba moja kwa tarehe, utaona umbo la kilima. Kiangazi ni sakafu. Baada ya kupanda, mstari hupanda taratibu, kisha kwa kasi, hufika kileleni karibu na wakati wa mbelewele, halafu hushuka mahindi yanapokauka. Kupata mwanzo na urefu wa msimu ni kuamua mahali pa kusimamisha vigingi viwili: kimoja kwenye mteremko wa kupanda, kingine kwenye mteremko wa kushuka.

Shamba moja la Mbozi

Tuchukue shamba la ekari mbili la mahindi kwenye uwanda wa Mbozi. Nambari zifuatazo nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini umbo lake ndilo utakalokutana nalo ukichota picha za huko. Baada ya kutupa picha zenye mawingu, zimebaki hizi:

Tarehe 3 Novemba 0.18; tarehe 18 Novemba 0.20, tarehe 28 Novemba 0.32, tarehe 8 Desemba 0.22, tarehe 28 Desemba 0.30, tarehe 12 Januari 0.52, tarehe 1 Februari 0.76, tarehe 16 Februari 0.40, tarehe 26 Februari 0.80, tarehe 18 Machi 0.76, tarehe 7 Aprili 0.64, tarehe 27 Aprili 0.44, tarehe 12 Mei 0.33, tarehe 27 Mei 0.26.

Jambo la kwanza linalogonga jicho ni tarehe 16 Februari. Mahindi hayashuki kutoka 0.76 hadi 0.40 kisha yakarudi 0.80 katika siku 25. Hilo ni wingu jepesi au kivuli cha wingu ambacho kichujio hakikukikamata. Picha za Sentinel-2 huja na tabaka liitwalo SCL linaloonyesha wapi pana wingu na wapi pana kivuli, lakini utando mwembamba na kingo za mawingu hulipita. Kanuni nzuri ni kwamba wingu karibu siku zote hushusha NDVI ya shamba la kijani, halipandishi. Kwa hiyo nukta inayozama peke yake katikati ya majirani walio juu huondolewa.

Sasa tusimamishe kigingi cha kwanza. Njia iliyozoeleka ni kupima kimo cha kilima kutoka sakafu hadi kilele, kisha kusema msimu umeanza pale mstari unapovuka asilimia 20 ya kimo hicho. Sakafu yetu ni 0.20, kilele ni 0.80, kimo ni 0.60. Asilimia 20 ya 0.60 ni 0.12, kwa hiyo kizingiti ni 0.32.

Ukiiambia kompyuta itafute siku ya kwanza NDVI ilipofika 0.32, itakurudishia tarehe 28 Novemba. Na hapo itakuwa imekosea kwa mwezi mzima.

Kijani kisicho cha mkulima

Tazama tena: tarehe 28 Novemba thamani ni 0.32, na siku kumi baadaye ni 0.22. Mmea uliopandwa haurudi nyuma hivyo. Kilichotokea anakijua kila aliyelima Mbozi: mvua za kwanza zimeotesha magugu, shamba likawa kijani, kisha mwenye shamba akaja na plau akayageuza chini, au akapiga dawa ya magugu yakakauka. Kushuka huko ndiko alama ya kweli ya mkono wa mtu. Kilima kidogo cha Novemba ni cha magugu, na kilima kikubwa kinachoanzia kwenye bonde la tarehe 8 Desemba ni cha mahindi.

Kwa hiyo kanuni hurekebishwa. Badala ya kuanza kutafuta kutoka Novemba kwenda mbele, tunaanzia kileleni, tarehe 26 Februari, tunashuka kwa kurudi nyuma mpaka bonde la karibu zaidi, halafu tunatafuta mahali mstari ulipovuka 0.32 kwenye mteremko huo tu. Kati ya tarehe 28 Desemba (0.30) na tarehe 12 Januari (0.52) kuna siku 15 na ongezeko la 0.22. Kufikia 0.32 kunahitaji ongezeko la 0.02, ambalo huchukua siku moja na ushee. Kigingi cha kwanza kinasimama tarehe 29 Desemba.

Bonde la kulima lina thamani nyingine pia: linatupa ukuta. Tunajua kwamba jembe lilipita baada ya tarehe 28 Novemba, wala si baada ya tarehe 8 Desemba. Mbegu haikufukiwa kabla ya jembe. Ukuta huo utatusaidia punde.

Ugumu ni kwamba bonde hili hudumu siku chache, na hutokea katika miezi ambayo anga la Songwe limefunga. Kati ya Desemba na Februari picha nyingi huwa nyeupe tupu. Tuseme picha ya tarehe 28 Desemba nayo ingepotea. Tungeunganisha tarehe 8 Desemba (0.22) na tarehe 12 Januari (0.52) kwa mstari ulionyooka, na 0.32 ingeangukia tarehe 20 Desemba. Picha moja iliyokosekana imesogeza jibu siku tisa. Kosa hilo lina upande wake maalumu: linavuta tarehe mapema, kwa sababu mmea mchanga huanza polepole kisha hukimbia, ilhali mstari ulionyooka hujifanya kana kwamba ulikimbia tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana wataalamu hupendelea kupitisha katikati ya nukta mkunjo wenye umbo la ukuaji, ulio na mwanzo wa taratibu, mpando mkali na kilele bapa. Mkunjo huo unajua kitu ambacho rula haikijui. Lakini hata wenyewe hauwezi kuziba pengo la siku 40, na shamba lenye pengo kama hilo kwenye mteremko wa kupanda liandikwe "halijulikani".

Kutoka kijani hadi mbegu

Tarehe 29 Desemba siyo siku ya kupanda. Ni siku ambayo majani yalitosha kuonekana kutoka angani. Nyuma yake kuna mambo mawili: siku za mbegu kuchipua, na siku za mche kutandaza majani ya kutosha kushinda rangi ya udongo kwa kizingiti tulichokichagua. Tuseme kwa uwanda wa Mbozi jumla ni siku 25. Ukizitoa, unafika tarehe 4 Desemba. Sasa kumbuka ukuta: jembe lilipita kati ya tarehe 28 Novemba na tarehe 8 Desemba. Jibu limeangukia ndani. Kama lingeangukia tarehe 20 Novemba, tungejua kwamba siku 25 ni nyingi mno, au tumekamata kijani kisichohusika.

Siku hizo 25 hazitoki kitabuni. Hutoka kwa wakulima, na hazifai kubebwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Mahindi huhesabu joto, hayahesabu kalenda. Njia ya kawaida ni kutoa nyuzi 10 kwenye wastani wa joto la siku na kujumlisha kinachobaki. Kwa wastani wa nyuzi 20 huku juu, kila siku huchangia 10, na siku 25 huwa 250. Ukishuka bondeni Momba, ambako tuseme wastani ni nyuzi 26, kila siku huchangia 16, na zile 250 hutimia kwa siku 16 hivi. Anayetumia siku 25 kila mahali atawaandikia wakulima wa bondeni kwamba walipanda siku tisa mapema kuliko walivyopanda. Ramani yake itaonyesha tofauti kati ya bonde na uwanda ambayo imetoka mezani kwake.

Ili kupata nambari ya mahali, lazima uulize mashamba kadhaa ambayo wenyewe wanakumbuka. Swali la "ulipanda tarehe ngapi?" halifai. Watu wachache huhifadhi tarehe, na wengi watakupa mwanzo au katikati ya mwezi. Uliza kwa siku zinazokumbukwa: "Mama, sikukuu ya Uhuru ilikukuta umeshapanda?" Hiyo ni tarehe 9 Desemba. "Krismasi mahindi yalikuwa yameota?" "Mapinduzi, tarehe 12 Januari, palizi ya kwanza ilikuwa tayari?" Kwa maswali matatu hivi unaweza kuifunga siku ya kupanda ndani ya wiki moja. Uliza pia kama shamba zima lilipandwa siku moja. Mara nyingi nusu hupandwa leo na nusu baada ya wiki, na wastani wa shamba hilo utakupa siku ambayo hakuna aliyepanda.

Kisha linganisha. Toa tarehe ya setilaiti kwenye tarehe ya mkulima, shamba kwa shamba. Tofauti zote zikiegemea upande mmoja, zile siku za kutoa zirekebishwe. Zikitawanyika pande zote mbili, chunguza mawingu na mipaka ya mashamba.

Msimu unaisha lini?

Kigingi cha pili ni rahisi kusimamisha kwa sababu anga limeshaanza kufunguka, lakini ni kigumu kufasiri. Tukitumia kizingiti kilekile cha 0.32 kwenye mteremko wa kushuka, tunafika tarehe 14 Mei. Kutoka tarehe 29 Desemba ni siku 136 za kijani, na kutoka siku ya kupanda ni siku 161. Tukitumia nusu ya kimo, yaani 0.50, mstari unavukwa tarehe 21 Aprili, na kutoka kupanda ni siku 138. Shamba ni lilelile, na urefu umetofautiana kwa siku 23.

Hakuna jibu la uongo kati ya hayo mawili. Yanajibu maswali tofauti. Nusu ya kimo iko karibu zaidi na wakati mahindi yanapokomaa na majani kuanza kukata kijani kwa haraka. Kizingiti cha chini hujumuisha pia magugu yanayoendelea kuishi chini ya mabua baada ya mahindi kukauka, hasa mvua za Aprili zikiwa nzuri. Na hakuna kati ya hayo lililo siku ya kuvuna. Songwe mahindi huachwa shambani yakauke kwenye mabua kwa wiki nyingi, na setilaiti haiwezi kutofautisha kwa NDVI bua kavu lenye gunzi na bua kavu lililokwishavunwa. Anayeandika "urefu wa msimu" bila kutaja kizingiti hajasema kitu ambacho mwingine anaweza kukilinganisha na chake.

Yapo pia mashamba ambayo kilima chake si cha kuhesabiwa hivi. Kahawa ya Mbozi hubaki kijani mwaka mzima, mstari wake ni bapa, na hauna siku ya kupanda ya kutafuta. Vinyungu vya mabondeni hutoa kilima cha pili wakati wa kiangazi. Maharage yaliyochanganywa na mahindi hufunika ardhi mapema na kuvuta kigingi cha kwanza nyuma. Yote hayo yatambuliwe na kutengwa kabla ya hesabu, kwa sababu kanuni ya asilimia 20 itayapa tarehe bila kusita.

Mtego wa tarehe 25 Januari 2022

Kuna kosa moja ambalo haliko shambani kabisa. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, waandaaji wa picha za Sentinel-2 walianza kuongeza 1,000 kwenye kila thamani iliyohifadhiwa. Aliyechota msimu wa 2021/22 bila kuiondoa nyongeza hiyo alikuwa na msimu mmoja uliopimwa kwa mizani mbili, na badiliko limeangukia pale ambapo mahindi ya Songwe yanakimbilia kilele. Chukua pikseli yenye B8 ya 3,000 na B4 ya 600. NDVI yake ni 2,400 gawanya kwa 3,600, yaani 0.67. Ongeza 1,000 kila upande: tofauti inabaki 2,400, jumla inakuwa 5,600, na NDVI inashuka hadi 0.43. Kwenye mchoro utaona mkoa mzima umenyauka ndani ya siku tano.

Dalili ya kulitambua ni hiyo hiyo ya "mkoa mzima". Ukame hauanzi siku moja Ileje na Momba, na viwavijeshi havishambulii kahawa, msitu na mahindi kwa kiwango kimoja. Anayetumia Google Earth Engine achukue mkusanyiko wa `COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED`, ambamo thamani zimeshasawazishwa. Anayepakua picha mwenyewe atoe 1,000 kwenye picha zenye nyongeza hiyo tu, kabla ya kukokotoa chochote.

Basi, ukiwa na kompyuta na mipaka ya mashamba ya kata yako, usianze kwa kuchora ramani ya mkoa. Anza na mashamba thelathini, huku juu na kule bondeni, na wenyewe uwaulize kwa Uhuru, Krismasi na Mapinduzi. Pata siku za kutoa za kila eneo, kisha andika kila tarehe pamoja na siku zake za shaka: "tarehe 4 Desemba, pungufu au zaidi siku tano." Na shamba ambalo mawingu yamelificha, liachie nafasi tupu. Afisa ugani akikuta nafasi tupu ataenda kuuliza mwenyewe. Akikuta tarehe ya uongo, hataenda.